Namba Zinapogeuka: Mawe ya Figo na Kitendawili cha Simpson

Mwaka 1986 madaktari wa London walichapisha, katika jarida la tiba la Uingereza linalojulikana kwa herufi BMJ, matokeo ya wagonjwa wao wa mawe ya figo. Miongoni mwao alikuwa John Wickham, mmoja wa mabingwa waliotangulia kutafuta njia za kumtibu mgonjwa bila kumpasua sana. Walilinganisha njia kadhaa za kuondoa mawe, na mbili kati ya hizo ndizo zinazotuhusu hapa.

Ya kwanza ni ya zamani: mgonjwa anapasuliwa ubavuni, daktari anaifikia figo na kulitoa jiwe kwa mkono. Tuiite njia ya kisu. Ya pili wakati huo ilikuwa ngeni: mgonjwa anatobolewa tundu dogo mgongoni, linapitishwa bomba jembamba lenye taa na lenzi hadi ndani ya figo, na jiwe linavutwa au kuvunjwavunjwa humo humo. Tuiite njia ya tundu. Tiba ilihesabiwa kuwa imefaulu ikiwa, miezi 3 baadaye, mgonjwa hana jiwe tena, au mabaki hayafiki milimita 2.

Kila njia ilikuwa na wagonjwa 350. Kwa kisu walifaulu 273, sawa na asilimia 78. Kwa tundu walifaulu 289, sawa na asilimia 83. Mtu akiishia hapo atasema mambo yamekwisha: njia mpya inamuumiza mgonjwa kidogo, na juu ya hayo inaponya zaidi.

Lakini mawe ya figo hayalingani. Kuna ya ukubwa wa punje ya harage na kuna yanayojaza nusu ya figo. Wagonjwa wale wale walipogawanywa kwa ukubwa wa jiwe, chini ya sentimita 2 upande mmoja na kuanzia sentimita 2 upande wa pili, hesabu ilisoma hivi:

| | Kisu | Tundu |
|---|---|---|
| Mawe madogo | 81 kati ya 87 (asilimia 93) | 234 kati ya 270 (asilimia 87) |
| Mawe makubwa | 192 kati ya 263 (asilimia 73) | 55 kati ya 80 (asilimia 69) |
| Wote pamoja | 273 kati ya 350 (asilimia 78) | 289 kati ya 350 (asilimia 83) |

Soma mstari wa kwanza: kwa mawe madogo, kisu kinaongoza. Soma wa pili: kwa mawe makubwa, kisu kinaongoza tena. Soma wa tatu: kwa wote, tundu ndilo linaloongoza. Hakuna mgonjwa aliyesahauliwa wala aliyehesabiwa mara mbili. Chukua kalamu ujumlishe: 81 na 192 ni 273, 234 na 55 ni 289. Kila namba ni sahihi.

Hiki ndicho wanatakwimu wanachokiita kitendawili cha Simpson. Mwelekeo unaoonekana ndani ya kila kundi unageuka pale makundi yanapochanganywa. Wanaokutana nacho mara ya kwanza hudhani pana ujanja mahali fulani. Ujanja haupo. Kilichopo ni mazoea yetu ya kuamini kwamba anayeshinda kila raundi lazima ashinde mchezo mzima. Imani hiyo ni kweli kwa mabao ya mpira, ambayo hujumlishwa tu. Asilimia hazijumlishwi hivyo.

Uzito umelalia wapi

Angalia safari hii idadi ya wagonjwa, uziache asilimia kando. Kati ya watu 350 waliopasuliwa, 263 walikuwa na mawe makubwa. Hao ni robo tatu. Kati ya watu 350 waliotobolewa tundu, wenye mawe makubwa walikuwa 80 tu; waliobaki, 270, walikuwa na mawe madogo. Kwa hiyo kisu kilibebeshwa kazi ngumu, na tundu likapewa kazi nyepesi.

Na kweli jiwe kubwa ni kazi ngumu kwa njia yoyote ile. Kwa kisu, kutoka jiwe dogo hadi kubwa, kufaulu kunashuka kutoka asilimia 93 hadi 73. Kwa tundu kunashuka kutoka 87 hadi 69. Pengo linaloletwa na ukubwa wa jiwe ni kama pointi 20, ilhali pengo kati ya njia moja na nyingine ni pointi 4 hadi 6 tu. Yaani katika hesabu hii ukubwa wa jiwe ulikuwa na nguvu kuliko uchaguzi wa tiba.

Sasa asilimia ya jumla inapatikanaje? Ile 78 ya kisu lazima iwe mahali fulani kati ya 73 na 93, kwa kuwa imetokana na hizo mbili. Haikai katikati, kwa sababu robo tatu ya wagonjwa wako upande wa 73, nao wanaivuta chini. Ile 83 ya tundu nayo iko kati ya 69 na 87, na inavutwa juu kwa sababu zaidi ya robo tatu ya wagonjwa wako upande wa 87. Hivyo tulipodhani tunalinganisha kisu na tundu, kwa sehemu kubwa tulikuwa tunalinganisha mawe makubwa na mawe madogo.

Ili mgeuko utokee, lazima mambo mawili yakutane. Kwanza, iwepo sababu ya tatu, hapa ukubwa wa jiwe, inayoathiri matokeo yenyewe. Pili, sababu hiyo hiyo iwe imegawanyika bila usawa kati ya pande zinazolinganishwa. Moja likikosekana, kitendawili hakipo. Mawe makubwa yangekuwa mepesi kutibika sawa na madogo, mgawanyo wa wagonjwa usingebadili kitu. Na pande zote mbili zingepata mawe makubwa kwa kiwango kimoja, kisu kingeongoza hata kwenye jumla.

Hilo la mwisho tunaweza kulipiga hesabu. Wagonjwa wote wako 700: wenye mawe madogo 357, wenye makubwa 343. Tuseme wote 700 wangepasuliwa kwa kisu, na kila kundi likafaulu kwa kiwango chake cha kwenye jedwali. Asilimia 93.1 ya 357 ni kama watu 332. Asilimia 73 ya 343 ni kama watu 250. Jumla ni 582 au 583 kati ya 700, sawa na asilimia 83. Tuseme sasa wote wangetobolewa tundu: kwa madogo wangefaulu kama 309, kwa makubwa kama 236, jumla 545, sawa na asilimia 78. Namba zimebadilishana viti: 83 imehamia kwa kisu, 78 imehamia kwa tundu. Wanatakwimu hufanya hesabu ya namna hii kila siku wanapolinganisha, kwa mfano, vifo vya nchi yenye vijana wengi na vya nchi yenye wazee wengi. Huiita kusawazisha.

Mwaka 1994 Steven Julious na Mark Mullee walizirudisha takwimu hizi katika BMJ, safari hii kama mfano wa kitendawili chenyewe, na tangu hapo zimekuwa zikifundishwa darasani dunia nzima.

Sasa mfikirie mgonjwa anayeingia kwa daktari bila kipimo cha ukubwa wa jiwe lake. Akisema, "Kama ni dogo, nichague kisu, kama ni kubwa, nichague kisu, lakini kwa kuwa sijui, nichague tundu," kila mtu atamwona kachanganyikiwa. Jiwe lake ni dogo au ni kubwa, hakuna la tatu, na kutojua hakulibadili jiwe. Ndiyo maana katika kisa hiki tunaamini mistari miwili ya juu na kuutilia shaka ule wa chini.

Isiwe sababu ya kukimbilia kisu

Kugundua kwamba jumla inadanganya si sawa na kuthibitisha kwamba kisu ni bora. Tazama wale 80 wenye mawe makubwa waliotobolewa tundu. Wangefaulu watu 4 zaidi, 59 badala ya 55, tundu lingefika karibu asilimia 74 na kukipita kisu. Kwa upande wa mawe madogo, wagonjwa 6 tu wa kisu wasingefaulu kati ya wale 87, uongozi wa kisu ungetoweka. Tofauti za watu 4 au 6 zinaweza kuletwa na bahati tu.

Kuna tatizo jingine kubwa zaidi. Njia hizi mbili hazikutumika wakati mmoja. Waliopasuliwa walitibiwa kati ya 1972 na 1980. Waliotobolewa tundu walitibiwa kati ya 1980 na 1985. Katikati hapo huenda vipimo, dawa, uzoefu wa madaktari na hata aina ya wagonjwa wanaokuja hospitali vilibadilika. Tumegawanya kwa ukubwa wa jiwe kwa sababu ukubwa uliandikwa. Yapo mengine yanayoweza kuwa yamejificha nyuma ya namba, na kimsingi mgawanyo mpya ungeweza kuugeuza tena mwelekeo tuliokwisha kuugeuza.

Halafu kuondoka kwa jiwe si jambo pekee analolijali mgonjwa. Kidonda kirefu cha ubavuni, maumivu na siku za kulala hospitali vyote vina bei yake. Mtu anaweza kabisa kuchagua njia yenye nafasi ndogo kidogo ya kufaulu ili aepuke kisu. Jedwali linamwambia tu kwamba asiichague kwa kudhani inaponya zaidi.

Mtoto na karata

Kufikia hapa msomaji anaweza kujitungia kanuni: daima gawanya, usiamini jumla. Kanuni hiyo ni mbovu, na aliyeonyesha ubovu wake ni Edward Simpson mwenyewe.

Simpson alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ya kufumbua maandishi ya siri ya adui katika kituo cha Bletchley Park wakati wa Vita Kuu ya Pili. Makala yake yaliyobeba jambo hili yalitoka mwaka 1951. Hakuwa wa kwanza: Karl Pearson na wenzake walikuwa wameligusa mwaka 1899, na Udny Yule mwaka 1903. Jina la Simpson lilibandikwa na mwanatakwimu Colin Blyth mwaka 1972. Alichokiongeza Simpson ni swali ambalo wengi waliofuata walilisahau: hesabu ikisema hivi kwa makundi na vile kwa jumla, tumsikilize nani?

Alimfikiria mtoto anayependa kuchezea karata hadi nyingine zimechafuka. Karata ziko 52. Kati ya zilizochafuka, zenye picha, yaani mzee, bibi na ghulamu, ni 4 nyekundu na 3 nyeusi. Zisizo na picha ni 8 nyekundu na 5 nyeusi. Kati ya zilizobaki safi, zenye picha ni 2 nyekundu na 3 nyeusi. Zisizo na picha ni 12 nyekundu na 15 nyeusi. Sasa piga asilimia. Katika karata chafu, nyekundu ni asilimia 57 ya zenye picha, na asilimia 62 ya zisizo na picha. Katika karata safi ni asilimia 40 kwa 44. Kote kuwili, karata za picha zinaonekana kukimbia wekundu. Zikirudishwa pamoja, za picha ni 6 nyekundu na 6 nyeusi, nyingine ni 20 kwa 20. Nusu kwa nusu, kama kila mcheza karata anavyojua. Uhusiano umefutika wote.

Hapa nani anasema kweli? Bila shaka jumla. Uchafu wa vidole vya mtoto hauwezi kutufundisha chochote kuhusu jinsi karata zilivyochapwa kiwandani. Mtoto alivutiwa na picha na rangi nyekundu, akazishika zaidi hizo, na kwa kufanya hivyo akazua uhusiano ambao haukuwepo.

Kisha Simpson akachukua namba zile zile, bila kugusa hata moja, akazibandika majina mapya. Chafu zikawa wanaume na safi zikawa wanawake. Za picha zikawa wasiotibiwa, zisizo na picha zikawa waliotibiwa. Nyekundu wakawa waliopona na nyeusi waliofariki. Kwa wanaume, asiyetibiwa ana nafasi ya asilimia 57 ya kuishi, aliyetibiwa 62. Kwa wanawake ni 40 kwa 44. Dawa inawafaa wanaume, inawafaa wanawake, na kwa binadamu kwa jumla haina faida yoyote: nusu kwa nusu. Hapo hakuna daktari atakayekubali kuitupa dawa kwa sababu ya ile jumla. Safari hii wanaosema kweli ni makundi.

Namba ni zile zile na majibu ni mawili. Basi uamuzi wa kugawanya au kuchanganya haupatikani ndani ya jedwali, hata ulikodolee macho mchana kutwa. Unapatikana kwa kujua habari za nje ya jedwali: kitu gani kilitangulia, na kipi kilisababisha kipi.

Kilichotangulia na kilichofuata

Jiwe lilikuwa na ukubwa wake kabla mgonjwa hajapangiwa tiba, na jinsia ya mtu haibadilishwi na dawa anayomeza. Vitu kama hivyo, vinavyotangulia tiba na vinavyoweza kuathiri nani anapewa nini, ndivyo vinavyostahili kugawanywa. Uchafu wa karata ulikuja baadaye, tena ulitokana na mambo yale yale mawili tunayoyachunguza, picha na rangi. Kugawanya kwa kitu cha namna hiyo kunazua uongo.

Kosa hili hutokea hata kwa watu makini. Chukua dawa ya shinikizo la damu inayopunguza kiharusi kwa kushusha shinikizo. Mtafiti akiwapima wagonjwa baada ya kutumia dawa, akawagawa wenye shinikizo la juu huku na la chini kule, kisha akalinganisha waliomeza na wasiomeza ndani ya kila kundi, anaweza kuikuta dawa haina maana. Amejitakia mwenyewe. Faida ya dawa ilikuwa kumhamisha mgonjwa kutoka kundi la juu kwenda la chini, naye amewalinganisha watu baada ya safari hiyo kwisha. Angewagawa kwa shinikizo walilokuwa nalo kabla ya kidonge cha kwanza, asingekuwa na tatizo.

Njia iliyo salama zaidi ni kuuzuia mkanganyiko kabla haujazaliwa. Katika majaribio ya dawa, mgonjwa hupangiwa tiba kwa bahati nasibu, wala si kwa jicho la daktari. Wagonjwa 700 wa mawe ya figo wangegawanywa kwa kura, yale mawe makubwa 343 yangejigawa karibu nusu kwa nusu, na jumla isingekuwa na nafasi kubwa ya kupingana na makundi. Kura ina sifa nyingine ambayo mgawanyo wa mezani hauna: inasawazisha hata mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyaandika.

Lakini mambo mengi tunayoyasoma hayakupangwa kwa kura. Hospitali ya rufaa kama Muhimbili hupokea wagonjwa ambao hospitali za mikoa zimeona hali zao zinazidi uwezo wao. Mtu akiweka kando kwa kando asilimia ya vifo vya hospitali ya rufaa na ya hospitali ndogo ya wilaya, ile ya rufaa inaweza kuonekana ya hatari hata kama, kwa mgonjwa mwenye hali ile ile, ndiyo inayookoa zaidi. Kabla ya kuiamini asilimia kama hiyo, uliza maswali matatu. Nani aliamua nani aende wapi, na kwa kigezo gani? Je, kigezo hicho chenyewe kinagusa matokeo? Na kilikuwepo kabla ya tiba, au kimezaliwa na tiba? Kigezo kikiwa kinagusa matokeo na kilitangulia, dai takwimu zilizogawanywa kwa kigezo hicho. Kikiwa kimezaliwa na tiba, shika jumla. Na ikiwa aliyeleta asilimia hawezi kukujibu swali la kwanza, basi hajui bado anachokilinganisha, hata kama hesabu yake haina kosa.